Kutoka mada pana hadi swali linalotafitika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kwa mfano wa zabibu za Dodoma

Maswali haya hurudi kila mwaka wanafunzi wa vyuo vya Dodoma wanapoanza kuandika andiko la utafiti. Majibu yote yanafuata mada moja tu, zabibu, kwa sababu ukiona mada moja ikibanwa kutoka mwanzo hadi mwisho unajifunza zaidi kuliko kuonjeshwa mifano kumi. Anayetafiti maji, elimu au afya atafuata njia hiyohiyo.

## Mada na swali

1. Nina kichwa tayari: "Changamoto zinazowakabili wakulima wa zabibu Dodoma". Kwa nini msimamizi anasema hilo si swali?

Kwa sababu hakuna jibu linaloweza kulimaliza. Changamoto za mkulima wa zabibu zinaanzia kwenye maji ya kumwagilia, zinapita kwenye ukungu wa majani, bei ya dawa, vibarua na mikopo, mpaka zinamfikia mnunuzi. Kila moja ina wahusika wake, vipimo vyake na wakati wake. Ukienda kijijini na dodoso linalouliza "Je, unakabiliwa na changamoto gani?" utarudi na orodha ya maji, dawa ghali, bei ndogo na soko. Orodha hiyo ungeweza kuiandika ukiwa bwenini. Ukifuta neno zabibu ukaweka alizeti, orodha haibadiliki, na hapo ndipo msimamizi anapoona kwamba zabibu zenyewe hazijaguswa.

Swali linalotafitika unalitambua hivi: kabla hujatoka chuoni unaweza kueleza jibu lake litakuwa na sura gani, iwe idadi, tofauti kati ya makundi mawili, au maelezo ya jinsi jambo linavyofanyika. Unaweza pia kumtaja mtu au daftari litakalokupa jibu hilo. Halafu, na hili husahaulika sana, jibu linaweza kutoka kinyume na ulivyotarajia. Swali la "changamoto" haliwezi kukushangaza, kwa kuwa kila mtu ana changamoto.

2. Mada, lengo na swali vinatofautianaje?

Mada ni eneo la mazungumzo: "masoko ya zabibu". Lengo linasema utafanya nini: "kuchunguza jinsi kaya zinavyoamua namna ya kuuza zabibu". Swali ni kile unachotaka kujua, nalo huishia na alama ya kuuliza. Wengi huandika lengo kwanza, kisha wanaligeuza swali kwa kuongeza "je" mbele. Anza na swali. Lengo litajiandika lenyewe.

3. Nianze kubana nini: upeo, walengwa au muda?

Upeo kwanza, yaani kipande gani cha mada unakishughulikia, maana ndicho kinachoamua hayo mengine mawili. Tuseme umechagua ukungu wa majani. Unachopima ni shamba, na wakati wako ni miezi ya mvua, maana ukungu hupenda unyevu. Ukichagua bei, unachunguza muuzaji, na wakati wako ni mavuno. Aliyeandika kwanza "wakulima 100 wa Chamwino, 2015 hadi 2025" bila kujua anachunguza nini amejifunga kamba ya walengwa na muda ambayo huenda isilingane na swali atakalolipata baadaye.

## Kubana upeo

4. Nabanaje upeo bila kubahatisha?

Fuata kitu chenyewe katika safari yake, kisha simama pale mtu anapolazimika kuamua. Zabibu ina safari iliyo wazi. Mzabibu unapogolewa, unachipua, unatoa maua, vichala vinakomaa, na miezi kama minne baada ya kupogolea unavunwa. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Zabibu ikishakatwa haiendelei kuiva kama embe au ndizi, na bila ubaridi haimalizi siku nyingi kabla ya kunyauka na kuoza.

Kwa hiyo siku ya kuvuna mkulima hana nafasi ya kusubiri bei. Anaweza kuuza mbichi kwa mchuuzi anayepeleka sokoni, kupeleka kiwandani kama kuna anayepokea, au kukamua mchuzi wa zabibu, yaani juisi ya kutengenezea mvinyo, auhifadhi kwenye matangi mpaka mnunuzi atokee. Hapo ndipo pa kusimama. Uamuzi huu una chaguo zinazohesabika, unafanywa na watu wanaojulikana, na unafanyika katika wiki chache zinazojulikana.

Ukishasimama, andika sentensi moja ya unachokiacha, kwa mfano: "Utafiti huu hauchunguzi magonjwa, umwagiliaji wala ubora wa mvinyo." Sentensi hiyo itakulinda mbele ya jopo kuliko kurasa tatu za utangulizi. Kama huwezi kuiandika kwa sababu kila kitu kinaonekana muhimu, bado hujabana.

5. Maneno kama "athari", "mchango" na "nafasi ya" yana shida gani?

Yanaahidi kitu ambacho utafiti wa mwanafunzi mara nyingi hauna uwezo wa kukitoa. Chukua kichwa hiki: "Athari za ukamuaji wa mchuzi wa zabibu kwa kipato cha kaya." Neno "athari" linasema kipato kimebadilika kwa sababu ya ukamuaji. Sasa unakwenda kijijini, unalinganisha kaya zinazokamua na zisizokamua, na unakuta wakamuaji wana kipato kikubwa zaidi. Unaandika kwamba ukamuaji unaongeza kipato.

Lakini nani anakamua? Ni mwenye fedha ya kununua matangi, mwenye shamba kubwa linalotoa mzigo wa kutosha, na asiye na deni la ada linalomlazimu kuuza leo. Huenda alikuwa na uwezo zaidi kabla hajakamua lita moja. Ukamuaji umefuata kipato, au vyote viwili vimefuata ukubwa wa shamba. Ili useme "athari" ungehitaji kujua hali ya kaya hizo kabla ya kuanza kukamua, pamoja na kaya zinazofanana nazo ambazo hazikuanza. Kwa miezi mitatu na nauli ya bodaboda, hilo halipatikani.

Badilisha kitenzi, usitupe mada. Badala ya "Ukamuaji una athari gani?" uliza "Kaya zinazokamua zinatofautianaje na zisizokamua kwa ukubwa wa shamba, umiliki wa vyombo na madeni yaliyokuwepo kabla ya mavuno?" Swali la pili linajibika kwa ukamilifu, na jibu lake linamfaa zaidi afisa ushirika anayetaka kujua nani anashindwa kukamua. "Mchango" na "nafasi ya" vitendee hivyohivyo: jiulize kitendo gani kinaonekana kwa macho nyuma ya neno hilo, ukiandike hicho.

6. Nimeandika "Mfano wa Dodoma". Hapo si nimeshabana?

Dodoma ipi? Mkoa una Jiji la Dodoma na wilaya za Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Chemba, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625 ndani yake. Msomaji mwingine ataelewa Jiji peke yake. Shuka ngazi: mkoa, halmashauri, tarafa, kata, kijiji, kitongoji. Kwenye Jiji ngazi ya chini ni mtaa, na hili si suala la majina tu. Mpunguzi na Hombolo zinalima zabibu lakini ziko ndani ya Jiji, hivyo unaanzia kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Chinangali II na Mvumi ziko Chamwino, ambako kuna serikali ya kijiji. Ukichanganya pande mbili utahitaji barua za kibali kupitia halmashauri mbili tofauti, na wiki mbili zinaweza kwisha ukiwa kwenye benchi la masijala.

Zaidi ya hayo, kubana eneo peke yake hakubani mada. "Changamoto za wakulima wa zabibu kata ya Mpunguzi" bado ni swali la 1, limesogezwa tu karibu na barabara ya Iringa. Eneo lichaguliwe kwa sababu uamuzi unaouchunguza unafanyika pale kwa namna inayoonekana. Kama swali ni la kuuza mbichi au kukamua, unahitaji mahali penye watu wa aina zote mbili. Piga simu au nenda siku moja ukahakikishe kabla ya kuandika jina la kijiji kwenye andiko.

## Kubana walengwa

7. "Wakulima wa zabibu" si walengwa tayari?

Bado. Simama ukingoni mwa shamba moja siku ya mavuno uhesabu walio humo: mwenye shamba anayeishi mjini, ndugu anayelisimamia, mke aliyepogolea na kumwagilia, vibarua wanaokata vichala, na aliyekodi nusu eka upande wa pili. Wote wanaweza kujiita wakulima. Lakini anayejua zabibu ziliuzwa kwa nani na kwa nini ni mmoja au wawili tu.

Andika vigezo vya kuingia, si jina la kundi. Kwa swali letu: "Mtu aliyeamua, peke yake au pamoja na mwenzake, namna ya kuuza zabibu za kaya katika mavuno ya Februari na Machi, kutoka shamba lililokuwa limeshaanza kuzaa." Kigezo cha mwisho kinaonekana kidogo lakini kina kazi. Aliyepanda mizabibu mwaka huu hana cha kuuza, na akiingia kwenye sampuli atajibu "sijui" maswali yote ya soko. Majibu hayo utayahesabu kama nini?

Kigezo cha "aliyeamua" kinakulazimisha pia kuuliza mlangoni. Dodoso nyingi hujazwa na baba kwa sababu ndiye aliyeandikwa mkuu wa kaya, hata pale ambapo mama ndiye aliyepatana bei na mchuuzi.

8. Nichunguze mtu, kaya, shamba au chama?

Angalia sentensi unayotaka kuandika kwenye matokeo. Ikiwa itaanza "Asilimia kadhaa ya kaya…", unachunguza kaya, na kila kaya inahesabiwa mara moja hata kama umeongea na watu wawili ndani yake. Ikiwa itaanza "Mashamba yaliyo karibu na barabara…", unachunguza shamba, na kaya yenye mashamba matatu inatoa mistari mitatu kwenye jedwali.

Hitilafu hutokea pale swali linapokuwa la kaya na dodoso likawa la mtu. Umri, jinsia na elimu ya aliyejibu huonekana kueleza uamuzi wa kaya, kumbe vinaeleza tu nani alikuwepo nyumbani saa nne asubuhi. Utaigundua mapema ukijaza jedwali tupu la matokeo kabla ya kwenda: kama hujui kila mstari ni nani, dodoso halijawa tayari.

9. Mtendaji wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, amenipa daftari la wanachama. Nilitumie?

Litumie, ila usikubali likubadilishie swali kimyakimya. Daftari la chama lina wanachama. Haliwataji wanaouza nje ya chama, ambao kwa swali la kuchagua namna ya kuuza huenda ndio wenye jibu linalotofautiana. Ukichukua sampuli humo halafu ukaandika "wakulima wa kijiji", umesema jambo usilolipima.

Una njia mbili za haki. Bana walengwa wawe "wanachama wa chama" na useme hivyo hadi kwenye kichwa cha utafiti. Au tembea na wenyeviti wa vitongoji siku mbili mwandike orodha ya kila kaya yenye mizabibu inayozaa. Njia ya pili inachosha zaidi, lakini kwa kijiji kimoja inawezekana. Hakikisha pia daftari ni hai: linaweza kuwa na waliohama, waliofariki na waliong'oa mizabibu.

10. Nitajuaje kama walengwa ni wengi kuliko uwezo wangu?

Piga hesabu kabla ya kupenda swali. Tuseme orodha yako ina kaya 480 zinazotimiza vigezo. Kanuni inayotumika sana kwenye maandiko ya wanafunzi ni hii:

```
n = N / (1 + N × e²)
```

Hapa N ni jumla ya walengwa na e ni kiwango cha kosa unachokubali. Ukichukua e kuwa 0.05 unapata 480 ÷ 2.2, kaya 218. Ukichukua 0.1 unapata 480 ÷ 5.8, ambayo ni kaya 83.

Sasa igeuze kuwa siku. Mahojiano ya dakika 45, ukiongeza kutembea, salamu na kusubiri mtu arudi kutoka shambani, yanakupa kaya tano kwa siku ukiwa peke yako. Kaya 83 ni siku 17. Kaya 218 ni siku 44 bila kupumzika Jumapili. Kama una mwezi mmoja, unajua mara moja kwamba lazima ubane zaidi, upate msaidizi, au ufupishe dodoso.

Kanuni hiyo inakadiria asilimia moja kwa walengwa wote. Haikuhakikishii watu wa kutosha katika kila kundi unalotaka kulinganisha, na hilo tunalirudia kwenye swali la 14.

## Kubana muda

11. Muda unaochunguzwa na muda wa kukusanya data ni kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya kumeharibu maandiko mengi mazuri. Muda unaochunguzwa ni wakati mambo yalipotokea, kwa mfano mavuno ya Februari na Machi. Muda wa kukusanya data ni wakati unapokwenda kuuliza. Vikae karibu, lakini kwa mpangilio sahihi. Ukienda Aprili au Mei, mauzo yamekwisha na bado yako kichwani mwa watu. Ukienda Julai kuuliza bei ya mavuno ya Agosti, utapata matumaini badala ya bei.

Kwenda katikati ya mavuno nako kuna gharama yake. Utaona mzigo ukipakiwa kwa macho yako, lakini aliyekwisha kuuza atakujibu kuhusu alichofanya na ambaye bado atakujibu kuhusu anachokusudia. Hayo ni majibu ya maswali mawili.

12. Nirudi nyuma miaka mingapi? Wengi huandika kumi.

Swali ndilo linalojibu hilo. Kwa bei na kiasi, kumbukumbu ya mkulima asiyeandika ni mavuno ya mwisho, pengine mawili. Ukimuuliza bei ya miaka mitano iliyopita atakupa namba kwa heshima yako, na namba hiyo itafanana sana na ya mwaka huu. Dalili yake ni kwamba majibu ya zamani yanakuwa namba za mviringo na yanalingana kaya hadi kaya. Miaka ya nyuma iulize kwenye stakabadhi au daftari la chama, kama lipo.

Kuna maswali ambayo mwaka wa kuanzia unatokana na tukio. Ukichunguza mashamba ya zabibu yaliyogeuzwa viwanja pembezoni mwa Jiji, 2016 ina sababu: ndio mwaka Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma. Unaweza kuutetea mwaka huo mbele ya yeyote. Kwa swali la kuuza au kukamua hauna kazi yoyote.

Taja pia "mwaka" wako ni upi. Mwaka wa kilimo katika takwimu za taifa huanza Oktoba na kuishia Septemba, wa fedha wa Serikali huanza Julai, na wa shule Januari. Mavuno ya Agosti 2024 yako ndani ya mwaka wa kilimo 2023/24 lakini ndani ya mwaka wa fedha 2024/25. Ukitoa mauzo kwenye kitabu kimoja na bajeti ya dawa kwenye kingine, unalinganisha mavuno na matumizi yasiyohusiana. Kwa zabibu ni salama zaidi kuandika "mavuno ya Februari na Machi 2025" kuliko "mwaka 2025".

13. Nataka kulinganisha wilaya yangu kwa sensa za 2002, 2012 na 2022. Kuna tatizo?

Lipo la mipaka. Sensa ya 2002 haina Chamwino wala Bahi: maeneo hayo yalikuwa ndani ya Dodoma Vijijini, iliyogawanywa baadaye. Chemba nayo ilikatwa kutoka Kondoa. Kwa hiyo Kondoa ya 2002 na Kondoa ya 2022 zina jina moja na eneo tofauti, na anayezilinganisha bila kujua anaweza kuandika kwamba watu wamehama.

Ama unganisha Kondoa na Chemba ili zilingane na zamani, na vivyo hivyo Chamwino na Bahi, ama anza ulinganisho wako 2012. Ukishuka hadi kata mambo yanakuwa magumu zaidi, kwa kuwa kata hugawanywa mara kwa mara. Hapo linganisha orodha ya vijiji vilivyomo, siyo jina la kata.

## Mfano mzima, na pale mambo yanapokwama

14. Tuonyesheni swali moja likibanwa mpaka mwisho.

Tunaanza na "Changamoto zinazowakabili wakulima wa zabibu Dodoma". Kwanza tunabana upeo kama ilivyoelezwa kwenye swali la 4, tunapata: "Wakulima wa zabibu huamuaje kuuza mbichi au kukamua mchuzi?" Tayari lina uamuzi, lakini "wakulima" ni nani?

Tunaingiza walengwa: "Kaya zenye mizabibu inayozaa katika kijiji kimoja cha Chamwino huamuaje…?" Kisha muda: "…katika mavuno ya Februari na Machi 2025?" Hapo wengi huacha. Lakini "huamuaje" bado ni pana, kwa sababu uamuzi una sababu mia. Tunachagua mambo machache tunayoweza kuyapima kwa maswali ya kawaida: ukubwa wa shamba, kumiliki chombo cha kuhifadhia, na deni lililokuwa linadaiwa siku ya kuvuna. Swali linakuwa:

*Katika mavuno ya Februari na Machi 2025, kaya zilizokamua mchuzi wa zabibu zilitofautianaje na kaya zilizouza zabibu mbichi pekee, kwa ukubwa wa shamba, umiliki wa vyombo vya kuhifadhia na deni lililokuwepo siku ya kuvuna, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino?*

Ni refu, na ni sawa liwe refu kwenye andiko. Kila neno sasa lina kazi kwenye dodoso. "Mbichi pekee" limeingizwa kwa sababu kaya moja inaweza kuuza nusu mbichi na kukamua nusu, na bila neno hilo hungejua uiweke wapi. "Siku ya kuvuna" inazuia mtu kukutajia deni alilochukua Mei.

Sasa tulijaribu. Tuseme kaya ni 480 na, kwa kuwauliza viongozi wa vitongoji, zinazokamua ni kama 40. Ukichukua kaya 83 kwa bahati nasibu, utapata wakamuaji saba hivi. Huwezi kulinganisha saba na 76 ukasema jambo la maana kuhusu deni. Swali liko sawa, ila namna ya kuchagua walengwa haiko sawa. Gawa orodha mara mbili: wahoji wakamuaji wote 40, na uchague wengine 45 kwa bahati nasibu kutoka kwa wasiokamua. Jumla ni 85, siku zilezile 17. Unachopoteza ni haki ya kusema asilimia ngapi ya kijiji inakamua kwa kutumia sampuli hiyo, maana umewaongeza wakamuaji kwa makusudi. Asilimia hiyo utaitoa kwenye orodha yenyewe.

15. Nitajuaje kama nimebana kupita kiasi?

Kuna dalili mbili. Ya kwanza ni idadi: ukikuta wakamuaji ni tisa tu, acha kulinganisha kwa namba. Badili swali liwe la "jinsi gani": walipataje vyombo, nani aliwapa uhakika wa mnunuzi, waliishije kati ya kuvuna na kulipwa. Watu tisa wakihojiwa kwa kina, saa moja na nusu kila mmoja, wanatosha kwa swali la namna hiyo.

Ya pili ni jibu linalopatikana kwa simu moja. "Kiwanda kilinunua kilo moja kwa bei gani Machi 2025?" hilo ni jambo la kuulizia, si la kutafiti. Ongeza ulinganisho mmoja, kati ya makundi au kati ya mavuno mawili, nalo litapata uhai.

16. Jopo linataka utafiti wenye upana ili "matokeo yatumike nchi nzima". Nijibuje?

Eleza kwamba kijiji kimoja hakitoi asilimia za Tanzania, na kwamba huzidai. Kinachoweza kusafiri ni maelezo ya kwa nini, kwa mfano kwamba deni la ada humlazimisha mtu kuuza mbichi. Hilo linaweza kupimwa na mtu mwingine mahali pengine. Kuongeza wilaya mbili kwenye kichwa huku ukibaki na kaya 83 hakukupi upana. Kunakupa vikundi vidogo vitatu badala ya kimoja kinachotosha.

17. Nimefika kijijini nikakuta mwaka huu hakuna aliyekamua. Nibadilishe swali?

Ndiyo, lakini kwanza jua kwa nini. Uliza kwa siku moja bila dodoso. Pengine mnunuzi wa mchuzi wa mwaka jana hajamaliza kulipa, pengine bei ya zabibu mbichi ilipanda, pengine matangi bado yamejaa mchuzi wa mavuno yaliyopita. Kila sababu inazaa swali lake, na mara nyingi ni zuri kuliko ulilokwenda nalo.

Kisha badilisha kitu kimoja tu kati ya vitatu. Kama matangi yamejaa, sogeza muda: chunguza mavuno yaliyopita, walipokamua, na uulize mchuzi uko wapi. Kama wakamuaji wako kijiji jirani, sogeza eneo na ubakize mengine yote. Ukibadilisha upeo, walengwa na muda kwa pamoja, umeanza utafiti mpya na barua yako ya kibali haitauhusu. Mpigie msimamizi siku hiyohiyo, andika tarehe na sababu kwenye daftari la uwandani, na mtaarifu mtendaji wa kijiji kabla hujagonga mlango wa kwanza na dodoso lililorekebishwa.